Baba, Baiskeli na Joho

Baba yangu alifariki mwaka 2008, nikiwa na umri wa miaka 10. Alikuwa bwana shamba wilayani Kilosa, na kazi yake yote aliifanya juu ya baiskeli aina ya Foniksi, akitoka kijiji kimoja kwenda kingine kuangalia mahindi na mpunga wa watu. Mwaka 2022, mwezi wa Novemba, nilihitimu shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na siku ile ya mahafali Mama alipokuwa akinirekebisha ukosi wa joho aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo angekuwepo Baba yako tungepiga picha ya watu watatu." Hakusema zaidi ya hapo. Lakini maneno yale yalinikaa, na usiku wake nikaamua kwamba nitamtengenezea picha ambayo Baba amesimama nami.

Tulikuwa na picha moja tu inayomwonyesha Baba mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni. Ilipigwa na baba mdogo mwezi wa Julai mwaka 2003, kwa kamera ya mkanda iliyochapa tarehe kwa rangi ya machungwa kwenye kona. Baba amesimama mbele ya nyumba yetu, amevaa suti ya Kaunda ya kijivu yenye kalamu mbili kwenye mfuko wa kushoto, na mkono wake wa kulia umeshika mpini wa baiskeli. Mama alikuwa ameileta picha hiyo Morogoro ndani ya bahasha, katikati ya kurasa za Biblia yake. Nilidhani aliibeba kwa bahati. Baadaye nilielewa kwamba alitaka picha hiyo iwepo ukumbini.

Picha ya kwanza niliitengeneza usiku mmoja, na ninaieleza hapa kwa sababu makosa yake ndiyo yaliyonifundisha kila kitu. Niliipiga picha ya Baba kwa simu chini ya taa ya chumbani, nikamkata kwa kuzungusha mstari pembezoni mwa mwili wake, nikaifuta baiskeli, kisha nikambandika upande wangu katika picha ambayo mpiga picha wa mahafali alinipiga saa kumi kasoro alasiri. Katika picha hiyo jua lilinipiga kutoka upande wa kulia wa picha, ilhali Baba alipigwa na jua la kushoto. Nikaona suluhisho rahisi: nikamgeuza Baba kama anavyogeuka mtu kwenye kioo, ili mwanga wake ufanane na wangu. Halafu nikamkuza hadi akanizidi kimo kwa nusu kichwa, maana ndivyo nilivyomkumbuka.

Asubuhi nilimwonyesha Mama. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaileta karibu tena. Kisha akaniuliza, "Ameshika nini?" Nikatazama. Mkono wa Baba ulikuwa umefumba ngumi mbele ya kiuno, umeshika hewa, kwa sababu mpini niliufuta na vidole sikuweza kuvifungua. Mama akaendelea, "Na kalamu zake hazikukaa huku. Sura ni yake, lakini huyu si yeye." Alinirudishia simu taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kumuumiza mwenzake, akaenda kuandaa chai.

Nilifadhaika sana, lakini nilipotulia niliona kwamba alikuwa ametaja makosa mawili kwa uhakika, na la tatu hakulitaja kwa jina. Uso wa mtu haulingani pande zote mbili. Jicho moja huwa dogo kidogo, upande mmoja wa mdomo hupanda kuliko mwingine, na mtu aliyeishi na uso huo kwa miaka mingi anaufahamu kwa mpangilio wake. Ukimgeuza marehemu kama kwenye kioo, mgeni hataona kitu, lakini mke wake ataona sura ya mtu wa ukoo, si ya mume wake. Ndiyo sababu tangu siku ile siwezi kumgeuza mtu kwenye picha kwa sababu ya mwanga, hata kama kazi itakuwa nyepesi namna gani.

Kosa la nne, ambalo Mama hakuligusa kabisa, lilikuwa kimo. Nilianza kujiuliza ni kwa ushahidi gani nimemfanya Baba anizidi, nikagundua kwamba ushahidi wangu ni wa mtoto wa miaka 10 anayemtazama mtu mzima kutoka chini. Ndipo nilipoifikiria baiskeli. Baiskeli zile zina magurudumu ya inchi 28, na kwa kuwa Baba alisimama ubavuni mwake, yeye na gurudumu walikuwa umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo gurudumu lingeweza kutumika kama rula.

Nilikwenda kwenye duka la stationari wakaniskania picha halisi, si kupitia kwenye plastiki, kwa nukta 600 kwa inchi. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, kipimo hicho kinatosha kabisa. Ukiongeza hadi 1,200 unapata faili kubwa zaidi, lakini kinachokuzwa ni chembechembe za karatasi na si sura ya mtu. Kisha nikamwomba mlinzi mmoja wa jirani, mwenye baiskeli kama ile, aniruhusu niipime kwa futi ya fundi cherehani. Gurudumu pamoja na tairi lake lilikuwa sentimita 71 kutoka chini hadi juu. Kwenye picha gurudumu lilikuwa na kimo cha pikseli 640, na Baba kutoka soli ya kiatu hadi utosini alikuwa na pikseli 1,550. Nilizidisha 71 kwa 1,550, nikagawanya kwa 640. Jibu lilikuwa sentimita 172 hivi.

Mimi nikiwa na viatu nina sentimita 178.

Nilirudia hesabu mara tatu. Nilipima gurudumu la nyuma badala ya la mbele, nikapata tofauti ya sentimita moja tu. Nikamwendea Mama aliyekuwa akichambua mchicha barazani kwa mama mdogo, nikamuuliza, "Mama, hivi mimi nimemzidi Baba kimo?" Alijibu bila kuinua macho, "Ulimzidi tangu ulipomaliza kidato cha nne." Mama alikuwa analijua hilo miaka yote, na mimi nilikuwa bado ninamtazama Baba kutoka chini.

Baada ya hapo nilibadili njia yote ya kazi. Mwanzoni nilikuwa nimechukua picha yangu iliyokwisha pigwa, nikamlazimisha Baba aje ndani yake. Hilo haliwezekani vizuri, kwa sababu picha ya marehemu haibadiliki: jua lake limeshakaa, kimo cha kamera kimeshakaa, na hata umbali wa mpiga picha umeshakaa. Kinachoweza kubadilika ni upande wa aliye hai. Kwa hiyo ilinibidi mimi niifuate picha ya Baba, yaani nipige picha mpya ya kwangu kwa masharti ya mwaka 2003, kabla ya kurudisha joho. Nilikuwa nimebakiwa na siku tatu.

Sharti la kwanza lilikuwa kimo cha kamera. Kwenye picha ya Baba, nyuma yake kuna ukuta wa nyumba unaokwenda mbali kwa upande mmoja. Mstari wa msingi unapanda kadiri unavyokwenda na ukingo wa bati unashuka. Niliweka karatasi nyeupe pembeni ya picha, nikairefusha mistari hiyo miwili kwa rula, ikakutana. Kutoka mahali pa makutano nilichora mstari wa mlalo, nao ukampita Baba kwenye kifungo cha tatu cha suti. Hapo ndipo macho ya kamera yalipokuwa, karibu sentimita 125 kutoka ardhini. Baba mdogo alikuwa ameinama kidogo alipopiga. Kama ningepiga yangu kamera ikiwa usawa wa uso wangu, ardhi chini ya miguu yetu ingeonekana imeinuka tofauti, na Baba angeonekana kama anaelea, jambo ambalo mtazamaji analihisi hata asipoweza kulieleza.

Sharti la pili lilikuwa umbali. Hapo nilikadiria kwamba baba mdogo alisimama kama mita nne kutoka kwa Baba. Lenzi ya simu yangu inaona upana zaidi kuliko ile ya kamera ya mkanda, lakini hilo halina madhara, kwa kuwa uwiano wa kilicho karibu na kilicho mbali hutokana na mahali unaposimama. Ukisimama kwenye umbali uleule unaweza kupunguza pembezoni baadaye. Kosa ni kusogea mbele ili kujaza fremu.

Sharti la tatu, jua, ndilo lililonigharimu. Kwa Baba jua lilitoka mbele kushoto kwa mtazamaji, likiwa bado chini, kivuli cha pua kimeangukia shavu lake la upande wa pili na cha kidevu kimelala shingoni. Mwezi wa Novemba jua la Morogoro hupanda haraka, na adhuhuri linakaribia kuwa utosini, likiacha macho ya watu yamezama gizani. Siku ya kwanza nilichelewa, nikafika saa tatu, na vivuli vilikuwa vimeshakuwa vifupi mno. Siku ya pili nilifika alfajiri, pamoja na mdogo wangu, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka mitatu, na baiskeli ya mlinzi.

Nilitamani sana milima ya Uluguru iwe nyuma yetu, kwa kuwa kila mhitimu wa pale anataka milima ile kwenye picha yake. Lakini asubuhi milima ilikuwa upande uleule wa jua. Kuipata milima kungemaanisha jua kutoka nyuma yetu. Nikaiacha. Tulichagua kipande cha nyasi kilichopakana na miti, tukaisimamisha baiskeli kwa pembe ileile iliyo kwenye picha, nami nikasubiri huku nimeshika nakala ya picha ya Baba mkononi, nikilinganisha kivuli cha gurudumu ardhini na kile cha mwaka 2003. Vilifanana saa mbili na dakika kumi hivi, na tulikuwa na kama dakika 15 kabla havijaachana tena.

Rafiki yangu alisimama mahali pa Baba. Ana kimo cha kukaribiana naye, na nilikuwa nimemwomba avae shati la kijivu. Alishika mpini kwa mkono wa kulia, nami nikasimama kushoto kwake, nusu hatua mbele, hivi kwamba mkono mpana wa joho langu ulifunika kiwiko chake. Mdogo wangu akapiga picha kadhaa, simu ikiwa juu ya kigoda na matofali tuliyoyapanga hadi sentimita 125. Kisha rafiki yangu akaondoka taratibu, mimi nikabaki nimesimama bila kusogeza hata unyayo, na tukapiga tena nikiwa peke yangu na baiskeli.

Ile picha yenye rafiki yangu haikuingia kwenye kazi ya mwisho, lakini bila yeye nisingefika popote. Ilinionyesha kivuli cha mtu wa kimo kile kinaangukaje kwenye nyasi zile, kinakuwa cheusi kiasi gani penye kisigino, na kinafifiaje kadiri kinavyokwenda mbali. Tena ilinionyesha kitu ambacho nisingekifikiria kamwe: bega lake lilitupa ukanda mwembamba wa kivuli juu ya mkono wa joho langu, upana wa vidole viwili tu. Kwenye picha niliyokuwa peke yangu mkono ule uling'aa wote. Watu wawili wanaposimama karibu, mmoja humwekea mwenzake kivuli, na mahali pale ndipo jicho linapopata uhakika kwamba walikuwa pamoja.

Kazi ya kwenye kompyuta niliifanya kwa programu ya GIMP, ambayo hailipiwi. Nitataja tu mambo yaliyokuwa na uzito. Safari hii sikumkata Baba kwa kufuta. Nilitumia `Layer Mask`, ambayo inaficha sehemu usizozitaka bila kuziharibu, ili ukikosea ukingo wa sikio unaurudisha. Nyuma ya Baba kulikuwa na ukuta wa chokaa, kwa hiyo pembezoni mwa nywele na mabega yake kulibaki mstari mweupe mwembamba, ambao ndio alama ya kwanza ya picha iliyobandikwa. Niliusogeza ukingo ndani kwa pikseli moja, nikaulainisha kidogo, mstari ukatoweka.

Rangi nayo ilikuwa imechuja kwa miaka, na Baba alikuwa ameegemea wekundu. Sikutaka kukisia rangi ya ngozi yake kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu yangu ilikwisha nidanganya kwenye kimo. Nilitumia ule ukuta wa chokaa: kitu kinachojulikana kuwa cheupe kinapaswa kuwa na kiasi kinacholingana cha nyekundu, kijani na buluu. Nilivisawazisha vitatu hivyo penye ukuta kwa `Curves`, zana ya kupandisha au kushusha kila rangi, na uso wa Baba ukarudi kwenye weusi wake wa maji ya kunde. Nilinyanyuka kwenye kiti nikatembea kidogo nje kabla ya kuendelea.

Jambo lililobaki lilikuwa ubora. Simu yangu ilinipiga kwa ukali ambao kila uzi wa joho ulihesabika, ilhali uso wa Baba kwenye picha halisi haufiki sentimita moja. Vishawishi vingi humwelekeza mtu kumkuza na kumnoa marehemu ili amfikie aliye hai, na matokeo yake ni uso wa plastiki. Mimi nilishuka kwake. Niliipunguza picha yangu hadi kimo changu kikawa pikseli 1,604, ambacho ndicho kipimo cha sentimita 178 kwa rula ileile ya gurudumu, nikaififisha kidogo sana, kisha nikatawanya chembechembe juu ya picha nzima ili sote wawili tukae kwenye karatasi moja. Kivuli chake nilikichora kwa kufuata kile cha rafiki yangu, pamoja na ule ukanda kwenye mkono wa joho. Vidole vyake nilivipanga juu ya mpini wa baiskeli, na ngumi ile iliyokuwa imeshika hewa ikapata kitu cha kushika.

Niliichapisha kwa sentimita 13 kwa 18. Mchapishaji alinishauri niikuze hadi saizi ya ukutani, nikakataa, kwa kuwa uso wa Baba ungevunjika.

Nilimpelekea Mama jioni, siku moja baada ya kurudisha joho. Alivaa miwani yake, akasogea mlangoni penye mwanga. Safari hii hakuisogeza mbali na kuirudisha. Aliweka kidole chini ya kalamu mbili za mfukoni, kisha kwenye mkono wangu, kisha kwenye mpini. "Baiskeli si yenyewe," alisema, "yake ilikuwa na taa ya dinamo mbele. Lakini yeye ndiye." Halafu akasema, "Kumbe mngesimama hivi," akiwa na maana ya kimo chetu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, na yangu pia.

Picha ilikwenda Kilosa, ikawekwa sebuleni juu ya kabati, karibu na ile ya mwaka 2003. Mwezi wa Desemba mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, aliitazama kwa makini akaniuliza, "Mjomba, kumbe babu alikuja kwenye mahafali yako? Mbona mama anasema alikufa zamani?" Nilikosa jibu la haraka. Nilikuwa nimetumia juhudi zote kuhakikisha hakuna jicho litakalotambua, na sikuwa nimefikiria kwamba siku moja atakuwepo wa ukoo wetu asiyemjua Baba kabisa, ambaye kwake picha hiyo ni habari. Nilimpakata, nikamweleza kwamba babu hakuwahi kufika, na kwamba picha hii niliitengeneza mimi kwa kuunganisha mbili. Nikamwonyesha ya zamani, akatafuta mwenyewe kalamu mbili na suti, akazipata.

Mama alikuwa akitusikiliza. Aliishusha picha kabatini, akaitoa kwenye fremu, akaomba kalamu. Upande wa nyuma aliandika kwa mwandiko wake wa taratibu jina kamili la Baba, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki, na chini yake: "Imeunganishwa na mwanawe, Morogoro, Novemba 2022. Picha yake halisi ni ile ya Julai 2003 yenye baiskeli." Akasubiri wino ukauke, akairudisha kwenye fremu, akamwambia mjukuu wake aipandishe mahali pake.